Faini iliyolipwa nusu isihesabiwe kuwa haikulipwa

Kwa Mhariri,

Nimefanya kazi ya ukarani katika mahakama za mahakimu hapa Kenya hadi nilipostaafu, na naomba nafasi katika safu yako nieleze jambo ambalo familia nyingi huja kulijua baada ya jamaa yao kukaa gerezani kwa majuma kadhaa. Mtu aliyepigwa faini akashindwa kuilipa papo hapo hana njia mbili tu za kulipa zote au kutumikia kifungo chote. Kati ya hizo mbili sheria imeacha nafasi pana, lakini nafasi hiyo haitumiki kwa sababu mwenye kuihitaji haombi, na mahakama yenye orodha ndefu ya kesi mara nyingi haimuulizi.

Nichukue mfano wa fundi wa baiskeli aliyekiri kosa la kuzua fujo, akatozwa faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi minne akishindwa kulipa. Ndugu yake ameketi nyuma ya chumba cha mahakama akiwa na shilingi 8,000 kwenye simu. Hakimu anasoma hukumu, karani anaitafsiri, mshtakiwa anaitikia kwa kichwa, kesi inayofuata inaitwa. Saa kumi jioni gari la magereza linaondoka naye, na zile shilingi 8,000 zinarudi nyumbani kama zilivyokuja, kwa kuwa wote wawili wameamini kwamba pungufu ya 20,000 haipokelewi.

Hapo ndipo penye kosa. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inampa hakimu uwezo wa kuagiza faini ilipwe kufikia tarehe maalumu isiyozidi siku 30 tangu siku ya amri, na anaweza kumtaka aliyehukumiwa atie saini hati ya ahadi, pamoja na mdhamini au bila mdhamini. Naomba wasomaji wazingatie kwamba huo ni uwezo wa hakimu, wala si haki ambayo mtu anaweza kuidai. Hakimu asiye na sababu ya kuamini kwamba mtu atarudi hatamwachilia. Kwa hiyo ombi linalofaulu ni lile linalompa sababu. Fundi wetu, kabla hajashuka kizimbani, angesema kwamba ana shilingi 8,000 za kulipa leo hii, kwamba atalipa 6,000 baada ya majuma mawili na 6,000 za mwisho kabla ya mwezi kwisha, kwamba kibanda chake kiko mahali fulani, na kwamba ndugu yake yule pale yuko tayari kumdhamini. Ombi la namna hiyo linachukua dakika moja, nami nimeona mahakimu wakali wakilikubali. Kilio cha jumla kwamba mtu ni maskini na ana watoto hakimu hukisikia tangu asubuhi, na ingawa mara nyingi ni kweli tupu, hakimsaidii kuandika amri yenye tarehe na kiasi.

Kama aliyehukumiwa alikuwa nje kwa dhamana ya fedha taslimu, aliyeweka fedha hizo anaweza kuomba zikatwe kulipia faini. Watu husahau jambo hili mara nyingi ajabu: mmoja anapelekwa gerezani kwa faini ambayo fedha zake tayari zimo katika akaunti ya mahakama.

Aliyepewa muda asipofaulu kukamilisha, dawa yake ni kufika mahakamani kabla ya tarehe, na risiti za alicholipa mkononi, amwombe karani faili litajwe mbele ya hakimu. Anayekuja mwenyewe na nusu ya fedha ana jambo la kupimwa. Anayeletwa na polisi kwa hati ya kukamatwa amebaki na maneno tu. Risiti nazo ziwe za mahakama, zenye namba ya kesi. Fedha aliyopewa kijana wa nje ya lango anayejiita wakili haihesabiki popote.

Tuseme sasa kwamba hakuna aliyeomba, na fundi yuko gerezani. Hata hapo mlango haujafungwa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 28, inasema kifungo cha namna hii hukoma mara faini inapolipwa. Na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inaongeza kwamba anayelipa sehemu hupunguziwa siku kwa uwiano wa alicholipa. Hesabu yake ni rahisi. Miezi minne tuichukue kuwa siku 120. Shilingi 20,000 kwa siku 120 ni kwamba kila shilingi 1,000 inafuta siku sita. Zile 8,000 za ndugu yake zingefuta siku 48. Na familia ikipata 10,000 wakati fundi amekwisha kutumikia siku 60, nusu imetumikiwa na nusu imelipwa, kwa hiyo hana deni la siku. Mfungwa humwambia ofisa msimamizi wa gereza kwamba anataka kulipa sehemu, naye ofisa anapaswa kumfikisha mahakamani bila kukawia ili mahakama ithibitishe siku zilizopunguzwa. Nimepokea familia zilizokaa miezi mitatu zikichanga ili zifikishe kiasi kamili, zikafika na shilingi 20,000 zote wakati mtu wao amebakiza siku chache tu atoke bila kulipa chochote.

Kuna kipimo kingine ambacho kila familia inaweza kukikagua yenyewe. Kifungu hicho cha 28 kimeweka ukomo wa kifungo cha kutolipa faini pale ambapo sheria nyingine haikusema vinginevyo: faini isiyozidi shilingi 500 ni siku 14, isiyozidi 2,500 ni mwezi mmoja, isiyozidi 15,000 ni miezi mitatu, isiyozidi 50,000 ni miezi sita, na inayozidi hapo ni miezi 12. Miezi minne ya fundi wetu imo ndani ya ukomo. Lakini aliyetozwa 10,000 au miezi sita amepewa mara mbili ya kinachoruhusiwa, na makosa ya aina hii hutokea, hasa siku za kesi nyingi za kukiri. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuyapitia na kuyarekebisha, na barua ya mfungwa iliyopitia ofisi ya gereza, yenye namba ya kesi, kiasi cha faini na muda wa kifungo, inatosha kuanzisha mapitio hayo. Hakuna haja ya kuuza mbuzi ili kumlipa mtu wa kuiandika.

Ombi langu kwa Idara ya Mahakama ni dogo na halihitaji sheria mpya. Kabla ya kutia saini hati ya kumpeleka gerezani mtu aliyeshindwa kulipa faini, hakimu aulize mambo mawili na kuandika majibu katika mwenendo wa kesi: una kiasi gani leo, na zilizobaki unaweza kuzileta lini? Pia hati yenyewe, ambayo nakala yake huenda gerezani, iandikwe thamani ya siku moja ya kifungo, ambayo kwa fundi wetu ni kama shilingi 167, ili ndugu anayefika langoni na fedha kidogo aambiwe zinanunua siku ngapi badala ya kurudishwa akatafute zilizobaki.

Karani mstaafu wa mahakama,
Nakuru.