Ugomvi wa idara unaanzia kwenye makisio ya korosho

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo mana msimu wa bajeti ndo huu, na mimi nimekaa idara ya mipango miaka mingi kwenye halmashauri moja ya huku kusini kabla sijastaafu, kwaiyo hili jambo nalijua kwa kuliishi.

Watu wakisikia wakuu wa idara hawaelewani wanadhani ni roho mbaya tu au kugombea ukubwa. Ukweli ni kwamba ugomvi mwingi tunautengeneza wenyewe Januari na Februari tukiwa tunacheka. Kila idara inaleta maombi yake, yakijumlishwa yanazidi hela, na hakuna anayetaka kumwambia mwenzake punguza, basi tunafanya nini? Tunapandisha makisio ya ushuru wa korosho mpaka maombi yote yaenee. Kikao kinaisha salama, kila mtu anatoka ameshiba, alafu mwezi wa 10 minada inaanza na ukweli unakuja.

Chukua mfano mwepesi, hesabu zake ni za kuelewesha tu. Mmekisia tani 10,000 kwa bei ya shilingi 2,000 kilo, thamani bilioni 20, ushuru wa asilimia 3 unakuwa milioni 600. Msimu ukaja na tani 7,000 na bei 1,800, thamani ni bilioni 12.6 na ushuru milioni 378. Hapo bei imeshuka kidogo na mzigo umeshuka kiasi lakini vinazidishana, milioni 222 hazipo, na zilishagawiwa kwa watu kwenye makaratasi. Sasa nani anakatwa? Hakuna aliyekubaliana hilo, kwaiyo anapata anayewahi na dokezo mezani kwa mkurugenzi, au mwenye mdomo. Hapo ndo chuki inapozaliwa.

Kwetu ilifika pabaya. Kilimo walikuwa wanasema sisi ndo tunaoleta hela, bila maafisa ugani wetu kuwahimiza watu wapulize salfa ubwiriunga unamaliza maua na hakuna korosho, mbona afya wana gari na mafuta sisi hatuna? Afya wanajibu hela zetu za mfuko wa pamoja zinaenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo na zina masharti, hatuwezi kununulia salfa wala kumkopesha mtu. Na walikuwa wakweli! Lakini kilimo hawakuwahi kuona karatasi yoyote, waliona gari tu linapita. Siku tulipoweka mezani orodha inayoonyesha hela ipi imefungwa na ipi inaweza kuhamishwa, kelele zilipungua nusu, mana ile ya kugombaniwa ilionekana ni ndogo sana, hasa ukishatoa fungu la maendeleo na asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Lililobaki tulilifanya kwenye timu ya menejimenti. Makisio tuliyashusha, tukachukua misimu mitatu iliyopita, tukaacha ule uliofanya vizuri kuliko yote, tukatumia wastani wa miwili iliyobaki. Maombi yaliyozidi tukayaweka orodha ya pili kwa mpangilio, hela ikizidi anaanza huyu anafuata yule, imesainiwa na wakuu wote kabla ya Julai, yaani kabla hata hatujajua korosho zitakuwaje. Ilituchukua vikao vinne na mmoja alitoka nje kwa hasira, sidanganyi.

Kulikuwa na la madaraka pia, kilimo na kitengo cha mapato kila mmoja na takwimu zake za tani, mmoja kazitoa kwenye vyama vya msingi mwingine kwenye mauzo ya mnada, na kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Tukaamua karatasi moja kila wiki ya mnada, kilo, bei na ushuru, wanasaini wote wawili, zikitofautiana wanaenda ghalani siku ileile. Mara nyingi tofauti ilikuwa mzigo uliopokelewa chamani lakini haujafika ghala kuu au haujauzwa bado, basi, hakuna aliyeiba kitu.

Haikutibu kila kitu. Julai mpaka Septemba halmashauri bado ilikuwa kavu kwasababu hela ya korosho haijaja, na ndo miezi ambayo kilimo wanahitaji mafuta kufuatilia wapuliziaji. Hilo tulilipunguza tu, kwa kuwabakizia kiasi cha ushuru wa msimu uliopita kwenye mpango wa matumizi wa robo ya mwisho ili wajaze mafuta kabla ya mwaka kufungwa Juni.

Waheshimiwa madiwani mnaokaa kamati ya fedha, mkiletewa makisio mwaka huu ulizeni tani na bei ya misimu mitatu iliyopita, ziwekwe pembeni ya namba mnayoombwa kupitisha, na muulize nani atasubiri hela ikipungua.

Mstaafu wa idara ya mipango,
Mikindani, Mtwara