"Mbona mnatoza kwa kuandika namba tu?"

Sisi tunaotengeneza mifululizo ya posti za slaidi za Instagram tumeulizwa swali hili tena wiki hii, na safari hii mteja aliliuliza kwa uchungu. Aliona kwenye ankara mstari unaosema "kupanga namba na lebo za mfululizo" akahisi tumemwibia. Kwake, kuandika 1, 2, 3 ni kazi ya dakika mbili ambayo hata mtoto anaiweza. Tunamheshimu, na ndiyo maana tumeamua kueleza hapa kazi yenyewe ikoje.

Tuanze na fundi wa cherehani aliyetujia akiwa na mfululizo alioutengeneza mwenyewe na kuuposti Instagram. Ulikuwa mzuri kwa maudhui: jinsi ya kutibu cherehani inayoruka mishono. Sehemu ya kwanza ilihusu sindano, ya pili kupitisha uzi, ya tatu mkazo wa uzi. Kwenye sehemu hiyo ya tatu kulikuwa na slaidi moja yenye picha safi ya kikopo cha bobini na maneno haya: "Sasa legeza skurubu hii robo mzunguko." Haikuwa na jina la mfululizo, wala sehemu, wala namba. Watu wakaipiga skrinishoti, wakarushiana kwenye magrupu ya WhatsApp. Baada ya siku chache fundi wetu akaanza kupokea lawama: nimelegeza kama ulivyosema, sasa uzi wa chini unajikunja mafundo. Hao hawakuwa wamebadilisha sindano, hawakuwa wamepitisha uzi upya. Walianza na hatua ya tatu, kwa sababu slaidi yenyewe haikuwaambia kwamba kuna mbili kabla yake.

Wateja wengi hapo hutujibu, "Lakini Instagram inaweka namba yenyewe." Ni kweli, ukitelezesha posti yenye slaidi nyingi, kuna kihesabu kidogo kinatokea kona ya juu kulia, mfano 4/8. Lakini kihesabu hicho hufifia baada ya muda mfupi, na hakimo ndani ya picha. Slaidi ikishatumwa kwingine, hakifuatani nayo. Tena kinahesabu slaidi tu. Hakijui kwamba posti hii ni sehemu ya tatu ya kitu kirefu zaidi. Na mtu akiipita posti yako bila kutelezesha, Instagram inaweza kumrudishia baadaye ikianzia slaidi ya pili. Kwa hiyo slaidi ya pili nayo inafanya kazi ya kava, na ya wengi tunaowapokea haina hata mada.

Sasa njia ya mkato tunayoiona kila mara: mteja anaandika "3/5" kwenye kava, basi. Msomaji anajiuliza, hii ni sehemu ya tatu kati ya tano, au slaidi ya tatu kati ya tano? Kwenye mfululizo kuna hesabu mbili na haziwezi kuvaa nguo moja. Sisi sehemu tunaiandika kwa neno, "Sehemu ya 3", na slaidi tunaiandika kwa mkwaju, "4/8". Hatuchanganyi hata siku moja. Slaidi ya fundi wetu tulipoitengeneza upya ilisomeka hivi juu: "Cherehani inayoruka mishono, Sehemu ya 3: Mkazo wa uzi", na chini kushoto "slaidi 4/8". Juu ya ile picha ya skurubu tukaongeza mstari mmoja: "Fanya hivi baada ya Sehemu ya 1 na ya 2." Slaidi hiyo ikienda peke yake popote, inabeba anuani yake.

Mtu makini atauliza kwa nini hatukuandika "Sehemu ya 3 kati ya 5". Hapa ndipo wengi huungua. Slaidi za posti moja unazijua zote siku unapoposti, kwa hiyo jumla yake ni salama kuiandika. Sehemu za mfululizo huzijui mpaka uandike ya mwisho. Fundi huyu aliahidi tano kwenye kava zake za mwanzo, wasomaji wakauliza maswali, zikawa saba. Instagram haikuruhusu kubadilisha picha iliyokwisha kupostiwa. Unaweza kuhariri kapsheni, au kuondoa slaidi. Hivyo kava zenye "kati ya 5" zitabaki hapo zikisema uongo, na mtu aliyefika ya tano ataamini amemaliza. Jumla ya sehemu tunaiandika pale tu ambapo maandishi yote yameshafungwa kabla ya posti ya kwanza kutoka.

Kadhalika mada ikijitokeza katikati, hatusukumi namba. Fundi alitaka kuingiza somo la aina za uzi baina ya sehemu ya 2 na ya 3, zilizokwisha kutoka. Tukaliita "Nyongeza ya Sehemu ya 2". Tungesukuma namba, kila slaidi iliyosema "rudi Sehemu ya 3" ingempeleka msomaji mahali pasipo sahihi.

Na ndiyo, dakika zinakwenda. Namba tunaziweka mwisho kabisa, baada ya mteja kuidhinisha maneno. Mteja mmoja alituomba tuongeze "kaslaidi kamoja tu" usiku wa kuamkia kuposti. Kaslaidi kamoja katikati ya posti ya slaidi tisa maana yake ni kugusa zote, kwa sababu kila "/9" inakuwa "/10", na zilizo baada yake zinabadilika namba zote mbili. Alikuwa ameanza kufanya mwenyewe kwa kunakili slaidi ya jirani, akasahau kubadilisha, zikatoka mbili zenye 5/10. Wasomaji wakadhani moja ni marudio wakairuka, kumbe ndiyo yenye vipimo.

Mafaili nayo tunayapa majina yenye sifuri mbele:

```
sehemu03-slaidi04.png
sehemu03-slaidi10.png
```

Bila sifuri, baadhi ya programu hupanga 1, 10, 2, na mtu anayepakia kwa haraka anaweka slaidi ya kumi pembeni ya kava bila kujua. Baada ya hapo tunazifungua kwenye simu, si kwenye kompyuta, tuone kama lebo inasomeka. Kwa picha yenye upana wa pikseli 1080 hatushuki chini ya herufi za pikseli 32, na kona ya juu kulia tunaiacha wazi maana ndipo kihesabu cha Instagram kinapokaa.

Slaidi ya mwisho ya kila sehemu tunaiandikia jina la inayofuata, kamwe si "usikose kesho". Kwa kawaida posti hazitokei kwa watu kwa mpangilio wa tarehe. "Kesho" ya mtu anayeisoma baada ya miezi mitatu haipo.

Kama mfululizo wako umeshatoka nusu bila lebo, usiufute, utapoteza maoni yote na wote walioihifadhi posti. Hariri kapsheni za zamani, mstari wa kwanza kabisa uwe na jina la mfululizo na sehemu, kisha tengeneza posti moja ya yaliyomo yenye majina ya sehemu zote na uibandike juu ya profaili. Hiyo unaweza kuifanya mwenyewe leo, bila kutulipa chochote. Zile slaidi ambazo zikisomwa peke yake zinaweza kumharibia mtu kitu, kama ile ya skurubu, ziondoe kwenye posti kwanza, kisha tuletee tuzitengeneze upya.