Mbuzi wa Idi au nguo za watoto?

Ndugu wasomaji,

Naandika kutoka Mikindani, Mtwara. Sisi fedha yetu ni ya korosho, inaingia baada ya minada kuanzia Oktoba. Idi nayo inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na sasa inaangukia Machi, wakati ada na madeni vimeshaimaliza. Nimebakiwa na shilingi 350,000, na Idi tunakula nyumbani kwa mama mkwe, watu 26, kumi na wawili kati yao watoto.

Nguo za watoto, kitambaa na ushonaji, ni 15,000 kwa kila mmoja. Jumla 180,000. Inabaki 170,000 ya chakula.

Mchele sina wasiwasi nao. Kilo moja ya pilau inashibisha watu sita, na kwa kuwa majirani nao tunawapelekea sahani, kilo 6 zinatosha: 18,000. Viungo, vitunguu, viazi, mafuta na mkaa ni 70,000. Bizari, iliki na mdalasini nitanunua nzima nitwange mwenyewe, maana za kusagwa nilizonunua mwaka jana hazikuwa na harufu, nikaishia kununua mara mbili. Mkaa nitauweka ndani wiki mbili kabla. Mwaka jana niliununua mkesha, mvua inanyesha. Gunia lilikuwa zito, nikafurahi kumbe ni maji. Ulitoa moshi, na nilipoupalia juu ya mfuniko ukazimika, pilau likawa bichi juu na limeungua chini.

Shida ni nyama. Ng'ombe buchani ni 11,000 kwa kilo. Kilo 6 ni 66,000, na ningebakiwa na 16,000. Lakini mama mkwe anataka mbuzi achinjwe uani, kama alivyofanya marehemu baba mkwe. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai ni 130,000. Akishachunwa anatoa nyama na mifupa kilo 11 au 12 hivi, bei ile ile ya buchani, ila kichwa, miguu na utumbo vinatupatia supu ya asubuhi. Hapo napungukiwa 48,000. Tena mbuzi anapimwa kwa macho: tumbo likijaa majani na maji anaonekana mnene, kumbe ukimpapasa mgongo unahesabu mifupa.

Nimefikiria watoto wakubwa wanne wavae za mwaka jana, nipate 60,000. Lakini wawili kati yao ni yatima wa wifi yangu, na siwezi kuwaacha wao wavae za zamani mbele ya wadogo zao wenye mpya. Shemeji wa Dar es Salaam huchangia, ila hela yake hufika mkesha, bei zikiwa zimeshapanda.

Mliowahi kuchangia mbuzi mmoja nyumba mbili, mligawanaje bila kununiana? Na mama mkwe nimwambieje, nami nikimheshimu, kwamba mwaka huu ni nyama ya buchani?

Mama wa watoto wanne,
Mikindani