Bajeti ya chakula cha hisani: bei ya tiketi

Habari za jioni wanakikundi. Jana wengi mlipendekeza tiketi iwe 10,000 ili watu wa Pasua na Majengo wasishindwe. Nimeipigia hesabu, naona haitatufikisha.

Gharama ambazo tutalipa hata asipokuja mtu ni 700,000: ukumbi 350,000, muziki na mshereheshaji 250,000, kuchapa tiketi na usafi 100,000. Halafu kila mgeni anakula. Mama lishe wetu ametupa 7,000 kwa sahani ya ndizi nyama, soda 1,000, jumla 8,000 kwa kichwa.

Kwa hiyo kwenye tiketi ya 10,000 inabaki 2,000 tu. Lengo letu ni kubaki na 1,400,000 safi mkononi, ukijumlisha na zile 700,000 inakuwa 2,100,000. Tungehitaji wageni 1,050, na ukumbi wenyewe unachukua 250! Kwa 15,000 wanahitajika 300, bado hawaenei. Kwa 20,000 inabaki 12,000, tunahitaji 175. Tuko 25, basi kila mmoja auze 7. Tukiuza 59 tunakuwa tumerudisha gharama.

Tiketi za bure naomba tuwe wachoyo kidogo, kila moja inatutoa 8,000. Na za "nitalipa mlangoni" msizihesabu: chakula tutaagiza Alhamisi kwa idadi iliyolipiwa kwa mhazini, tukiongeza sahani 10 tu.

Asiyekubali 20,000 aseme hapa kabla ya kesho saa 2 usiku, tiketi zinakwenda kuchapwa.