Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: CRP ikiwa chini usiku ule ule homa imeanza, msituambie tumruhusu mtoto

Shikamoo daktari. Naandika kuhusu ule mwongozo mliotuletea zahanati pamoja na vipimo vya CRP, kwamba mtoto mwenye homa akisoma chini ya 10 basi apewe panadol aende nyumbani. Nia naielewa kabisa, antibayotiki tunazigawa hovyo. Shida ni saa.

Bakteria wakiingia, seli za kinga zinamwaga saitokaini, hasa IL-6, IL-1 na TNF, na hizo zinapeleka habari sehemu mbili zenye spidi tofauti. Kwenye ubongo, mishipa midogo jirani na haipothalamasi inatengeneza prostaglandini E2, na hiyo inapandisha kiwango cha joto kama mtu anavyozungusha kitufe cha pasi, ndo maana mtoto anatetemeka na kutaka blanketi wakati anawaka. Hiyo haichukui muda. Ini nalo likipata IL-6 inabidi lianze kutengeneza protini upya kabisa, CRP ikiwemo, kwa hiyo kwenye damu inaanza kupanda baada ya kama masaa 6 na kilele chake ni kama siku ya pili.

Sasa chukulia mtoto wa miaka mitatu, homa imemuanza saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi yuko kwetu, joto 39.4, mRDT ya malaria hasi, CRP 7. Kwa mwongozo huo anarudi nyumbani. Kesho yake anarudishwa anapumua mara 52 kwa dakika na CRP ni 140. Kipimo cha jana hakikukosea, ini ndo lilikuwa halijafika. Na panadol aliyopewa inazuia prostaglandini tu, kwa hiyo joto linashuka mama anafurahi, huku ini linaendelea kupokea IL-6 kama kawaida.

Upande wa pili, CRP ikiwa juu sio lazima bakteria, malaria peke yake inaipandisha sana, so mRDT lazima itangulie, hapo nawaunga mkono.

Ninachoomba ni kwamba kwenye fomu iwekwe sehemu ya kuandika homa imeanza saa ngapi, na kama hayajapita masaa 12 CRP ya chini isitumike kumruhusu mtoto, tuhesabu pumzi, tuangalie kama ananyonya au anakunywa, halafu apimwe tena kesho yake. Hiyo inamaanisha vipimo viwili kwa baadhi ya watoto, na mgao wa sasa hautoshi. Hicho cha pili kina kazi nyingine pia, maana saitokaini zikitulia CRP inapungua karibu nusu kila masaa 19, kwa hiyo aliyeanza dawa juzi na namba bado inapanda tunajua mapema kwamba wa rufaa huyo, hata kama joto limeshuka.