Vinundu vya uzi wako

Mikindani

Mwanangu,

Huku hatujambo. Uzi wa pamba uliousokota ukautuma kutoka Lindi umefika, nami nimeunyoosha juu ya kanga nyeusi niuone vizuri. Palipo na kinundu, pamba imelala tu, haijasokoteka. Kando yake uzi ni mwembamba na umekazwa hadi unajikunja. Pamba yako haina kosa. Msokoto hukimbilia palipo pembamba, kwa sababu ndipo rahisi kupinda, na pale panene hupaacha. Kwa hiyo ukiona kinundu halafu ukazidisha kuzungusha kijiti cha kusokotea, unakaza wembamba mpaka ukatike, na kinundu kinabaki vilevile.

Tenganisha kazi mbili unazozifanya kwa pamoja. Zungusha kijiti kwanza, kisha kibane katikati ya magoti kisirudi nyuma. Kwa kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kushoto, bana uzi pale msokoto unapoishia. Mkono wa kulia uvute pamba taratibu mpaka iwe na unene unaoutaka. Hapo ndipo uusogeze mbano juu kidogo, msokoto upande. Usiuachilie ghafla: ukiingia kwenye pamba ambayo hujaivuta, unaifunga, na kinundu ndiyo kimezaliwa.

Nyuzi za pamba zina urefu wa kama sentimita 2.5 hadi 3. Mikono ikikaribiana kuliko hapo, unashika unyuzi mmoja ncha zote mbili, na hata ukivuta kwa nguvu hauendi. Ikiachana mno, pamba inakatika.

Kinundu kilichokwisha kuingia hurekebishika. Kishike pande zote mbili, mikono ikiachana kama sentimita 5, uzungushe kinyume mpaka pamba ilegee, kisha vuta polepole. Utaiona ikiteleza na kuwa nyembamba. Rudisha msokoto.

Halafu hesabu. Kama mzungusho wako mmoja wenye nguvu unakipa kijiti mizunguko 60, basi mizungusho miwili kwa kila sentimita 30 za uzi inakupa mizunguko 4 kwa sentimita. Kila kipande kipate hiyohiyo kabla hujakiviringa. Kijiti kikianza kusita, kidake. Kikigeuka, kinaufumua uzi na utakisikia kikianguka sakafuni. Kiwe chepesi, gramu 15 au 20 hivi, maana kizito hukata uzi wa pamba. Vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyofukuliwa Kilwa Kisiwani, vilifanya kazi ya uzito kwenye vijiti vya kusokotea.

Kupima, legeza kipande cha uzi mbichi kijikunje chenyewe. Kikijisokota sawasawa, kifunge kwenye kadi ukiweke karibu, ulinganishe nacho kila baada ya muda. Ukiona kinaning'inia bila kujisokota, msokoto ni mdogo.

Na ile sufi uliyochomoa kwenye mto, irudishe mtoni mwake. Inateleza mno, haishikani.

Mama yako