Msimbo uliotumika na msimbo uliolipiwa

Mteja wetu mmoja aliandaa usiku wa vichekesho hapa Dodoma, ukumbi wa watu 300. Tiketi za VIP aliziweka 50,000, za kawaida 20,000, na bei ya mapema 15,000 kwa tiketi 80 za kwanza. Hapo alikuwa sawa. Kufunga bei ya mapema kwa idadi kunamlinda mwandaaji zaidi kuliko tarehe peke yake, maana anajua tangu mwanzo ni viti vingapi vitauzwa kwa bei ya chini. Ukitaka kuongeza tarehe, iweke siku chache baada ya mshahara. Mji huu wa wafanyakazi, tarehe 18 watu wanasoma tangazo tu.

Tatizo lilianzia kwenye misimbo ya punguzo. Alitoa miwili, kila mmoja ukipunguza asilimia 10: UDOM10 kwa magrupu ya wanafunzi, na MC10 kwa mshereheshaji wake. UDOM10 aliupa kikomo cha matumizi 60. Ijumaa, siku moja kabla ya shoo, wanafunzi wakaanza kupiga simu: msimbo umekwisha. Ripoti ikaonyesha 60 kweli, lakini malipo yaliyokamilika yalikuwa 27.

Wale 33 waliandika msimbo, wakafika kwenye ombi la kuweka namba ya siri ya simu, wakaishia hapo. Salio halikutosha, au ombi liliisha muda. Mfumo alioutumia ulihesabu msimbo pale tu ulipoandikwa, na oda zisizolipwa zikaendelea kushikilia nafasi. Kwa hiyo weka muda wa oda kufa yenyewe, dakika 20 zinatosha, nafasi na msimbo virudi sokoni.

Nusura pia amlipe wakala aliyemsambazia UDOM10 kwa wanafunzi kamisheni ya shilingi 1,000 kwa tiketi 60. Tukamwomba alinganishe kwanza ripoti na miamala iliyoingia. Stahili yake ilikuwa 27,000.

Kuna jambo lililotuuma zaidi. Misimbo ilikubali pia kwenye bei ya mapema. 15,000 ikawa 13,500, toa kamisheni inabaki 12,500, wakati chakula na kiti vinamgharimu 13,000 kwa kila mtu. Kila tiketi ya namna hiyo ilimla 500. Siku hizi, tukimfungulia mteja tukio, msimbo tunauruhusu kwa tiketi za kawaida tu, labda aombe vingine.

Ukifungua ripoti, soma safu tatu pamoja: msimbo ulioandikwa, uliolipiwa, na tiketi iliyoskaniwa getini. Wengi wakiandika na wachache wakilipa, kagua hatua ya malipo kabla ya kumlaumu wakala. Na msimbo wa mtu mmoja kama MC10 ukilipiwa mara 15 ndani ya saa moja usiku, kuna mtu ameurusha kwenye grupu. Ufunge, mpe mshereheshaji msimbo mwingine.